Posti ya kumbukumbu ya bibi au babu: maswali yanayorudi kila mara mtu akitaka kuiandika upya

Kwenye ukoo wetu mimi ndo naitwa kila kukiwa na msiba niandike wasifu wa marehemu, na siku hizi watu wananitumia na posti zao kabisa, "niangalizie hii ya bibi kabla sijaweka" au "nimeshaweka lakini sijisikii vizuri nikiisoma". Maswali ni yaleyale kwahiyo nimeyakusanya hapa. Nasema bibi na babu kwa mazoea ya Tanzania, ndugu wa Kenya mkisoma bibi jueni ni nyanya, ni shosho, yule aliyemzaa mama au baba.

## Kabla hujagusa maneno

Tangazo la msiba na posti ya kumbukumbu si kitu kimoja?

Hapana, na nusu ya posti mbovu ninazoletewa zimeharibika kwa kuchanganya hivi vitu viwili. Tanzia ni taarifa: nani amefariki, lini, msiba uko wapi, mazishi ni saa ngapi, nani apigiwe simu. Mtu anaisoma akiwa kwenye daladala anataka kujua kama atawahi. Ukimwekea aya tatu za machozi kabla ya kumwambia mazishi ni wapi umemchelewesha, na kwa Waislamu ambao maziko mara nyingi ni siku hiyohiyo unaweza ukamfanya akose kabisa.

Tanzia pia sio yako wewe mjukuu kuitoa. Subiri watoto wa marehemu wawe wamejua wote, hata yule aliye mbali. Nimeona mama wa mtu anajua mama yake amekufa kwa kuona stetasi ya mpwa wake, ile haisahauliki.

Kumbukumbu ni nyingine, hiyo haina haraka. Ukiweza iandike baada ya kuanua matanga, au kwenye arobaini, au mwaka ukitimia. Siku ya kwanza kichwa hakijatulia, unashika maneno yaliyo karibu, na maneno yaliyo karibu ni yale ambayo kila mtu ameshayatumia.

Kwani ni vibaya kulia? Mbona kwetu msibani tunalia kwa sauti?

Kulia kwa sauti si maigizo na sitaki mtu yeyote amwambie mwenzake alie kistaarabu. Ila sikiliza vizuri siku moja mama mtu mzima anavyolia akifika msibani, pale getini anapovua kanga ya kichwani. Halii "moyo wangu umepasuka vipande elfu". Analia "mama nani atanifungulia mlango saa hizi, nani ataniuliza nimekula". Analia na mlango, analia na chakula. Ndo maana hata usiyemjua marehemu unatokwa machozi.

Kwahiyo shida ya posti nyingi sio kwamba zimelia sana, ni kwamba zimelia bila kutaja kitu. Ukiondoa jina la bibi yako ukaweka la bibi wa jirani na posti bado inakaa sawa, hapo ujue bibi yako hayumo.

## Kuiandika upya

Naanzia wapi? Nikiisoma naona kila sentensi inauma.

Usianze kwa kufuta. Anza kwa kuhesabu vitenzi, Kiswahili kimetusaidia sana hapa kwa sababu karibu kila kitenzi kinabeba mtendaji wake mbele. Chora mstari chini ya kila kitenzi cha mimi (nimelia, siamini, nitaishi vipi), halafu zungushia duara kila kitenzi ambacho mtendaji ni marehemu (alilima, ulinifundisha, alituamsha). Kama za mimi ni nyingi kuliko zake, umeandika posti ya kwako na bibi amekuwa sababu tu.

Halafu angalia zile zake mwenyewe, je kuna hata moja inayoonyesha mikono yake ikifanya kitu? "Ulikuwa malaika" ina mtendaji lakini hakuna alichofanya. "Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo huku anasikiliza taarifa ya habari", hiyo tunamwona.

Naomba mfano kamili, sio maelezo tu.

Huu ni wa binti mmoja ambaye ameniruhusu niuonyeshe, nimebadilisha vitu vya kumtambulisha. Aliandika hivi usiku wa msiba, bahati nzuri hakuiweka:

> Dunia imesimama 😭😭😭 Siamini ninachokiandika. Leo nimempoteza malkia wangu, nguzo yangu, kila kitu changu. Bibiiii kwanini umeniacha? Nitaishi vipi bila wewe? Moyo wangu umepasuka, nimelia mpaka machozi yameisha. Sitapata tena mtu kama wewe. Ulikuwa malaika uliyetembea duniani, hukuwahi kumkosea mtu yeyote. Mungu kwanini umechukua mtu mwema? Pengo lako halitazibika. Pumzika malkia wangu, sitakusahau mpaka nakufa.

Tulihesabu pamoja kwenye simu. Vitenzi vya mimi 8, vya bibi 5, na katika hivyo 5 kimoja ni kumwacha mjukuu, kingine ni kupumzika, vilivyobaki ni umalaika na kutokukosea. Hakuna hata kimoja kinachosema alikuwa anafanya nini akiamka asubuhi.

Nikamuuliza maswali manne tu. Alikuwa anakuitaje? Kazi gani mikono yake iliizoea? Nani aligombana naye? Na tangu amefariki ni saa ngapi au siku gani unajikuta umeshika kitu halafu unakumbuka hayupo? La tatu alisita kidogo, akacheka, akaanza kulia, akanipa stori ya jirani. Lile la nne alinyamaza muda mrefu nikajua tumefika. Hii ndiyo aliyoiweka siku chache kabla ya arobaini:

> Bibi yetu alifariki alfajiri nyumbani kwake Muheza na tukamzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Alikuwa na miaka 80 na kitu, mwaka kamili hakuna anayeujua, ila uhuru ulipokuja 1961 alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza.
>
> Aliuza machungwa stendi mpaka miguu ilipokataa. Yenye makovu kwenye ganda hakuyauza, alituwekea sisi wajukuu, alisema hayo ndiyo matamu. Alikuwa mkali. Yeye na jirani yake waligombania mpaka wa shamba wakanuniana miaka miwili, na jirani alipougua alimpelekea uji kila asubuhi bila kumsemesha.
>
> Mimi aliniita mke mwenzangu. Kila Jumapili usiku alinibipu mara moja nimpigie. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi nilikaa na simu mpaka saa nne.
>
> Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Hitma ya arobaini ni Jumamosi nyumbani.

Vitenzi vya mimi vimebaki 2 na vya bibi ni 11. Neno "huzuni" halipo, "machozi" halipo, emoji hakuna, na mjomba wake ambaye hajawahi kukomenti popote aliandika chini "yale machungwa ya makovu hata sisi alitupa".

Angalia pia vitu tulivyoacha. Alitaka kuongeza mwishoni "na simu haikuita, na haitaita tena milele", nikamwambia ishie kwenye saa nne. Msomaji anajua kwanini simu haikuita. Ukimwelezea umemnyang'anya ile sekunde anayokaa nayo mwenyewe, na mara nyingi maigizo yanaingilia hapohapo, kwenye sentensi moja ya ziada baada ya ile ya kweli.

Bibi yangu hakuwa na stori yoyote, alikuwa mtu wa kawaida tu.

Hili ndo swali linaloniuma kuliko yote maana hakuna aliyewahi kuniambia hivyo ambaye hatukupata kitu ndani ya dakika kumi. Tumia yale maswali manne ya kwenye mfano hapo juu, na kama bado umekwama ingia chumbani kwake au mwombe aliyeko nyumbani akuambie kuna nini. Kanga ya mwisho aliyoitoa kwenye sanduku. Kopo alilowekea chumvi. Fundo la pindo la kanga alilofungia hela. Redio iliyofungwa na mpira. Chagua kimoja, sio vyote, ukiorodhesha vitu kumi inakuwa kama unahesabu mirathi.

Na waulize wengine. Wajukuu wa mjini tunamjua bibi wa likizo ya Desemba, yule anayechinja kuku. Shangazi aliyekaa naye mwaka mzima anamjua mwingine kabisa.

Vile vifungu vya siku zote, "pengo lako halitazibika", "kimwili haupo nasi", lazima nivifute?

Ninavigawa mafungu mawili. Dua na maneno ya ibada hayaguswi. "Inna lillahi", "Bwana alitoa na Bwana ametwaa", "Raha ya milele umpe ee Bwana", haya hayakuandikwa yawe mapya, yameandikwa ili tuyaseme wote pamoja, na msomaji akiyakuta anaitikia moyoni. Weka moja, kwa ukamilifu, usiibadilishe.

Fungu la pili ni yale ya matangazo ya gazetini, pengo, nguzo, nyota iliyozimika. Sio uongo, yamechakaa tu. Njia ninayopenda ni kuliuliza lile neno swali. Pengo liko wapi? Mmoja akanijibu, "pale kwenye kigoda karibu na jiko, hakuna anayekikalia." Basi andika hiyo. Pengo likishaonekana huna haja ya kulitaja.

Niongee naye, "bibi ulikuwa", au nimwongelee, "bibi alikuwa"?

Mimi nashauri umwongelee, kwa sababu unaowaambia ni wasomaji, na wengine hawakumjua bibi. Ukimwambia "unakumbuka bibi ulivyonipeleka kisimani" sisi wengine tumesimama nje ya mlango. Na "wewe" inavuta maswali ya kwanini umeniacha bila hata kukusudia.

Isipokuwa sentensi moja ya mwisho, ukitaka. Aya zote "alikuwa", halafu mwisho unamgeukia: "Bibi, kuku wako tumewapeleka kwa mama." Inafanya kazi kwa kuwa ni moja. Usirukeruke katikati, u- na a- zikichanganyika kwenye aya moja msomaji anachoka.

## Tarehe, picha na utani

Hatujui babu alizaliwa lini. Niandike mwaka gani?

Usibuni. Wazee wengi wa vijijini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa na tarehe ya kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukisia, utaona Januari 1 au Julai 1. Tumia matukio aliyoyasimulia mwenyewe. Uhuru wa Tanganyika Desemba 1961, Azimio la Arusha 1967, watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1973 hadi 1976, vita ya Kagera 1978 hadi 1979. "Vita ya Kagera ilipoanza alikuwa na watoto wanne na mbuzi mmoja" ni sahihi kuliko tarehe ya kubuni na inamweka babu ndani ya nchi yake.

Picha gani niweke?

Moja, akiwa mzima, mahali alipokuwa anajisikia kwake. Picha ya kitandani hospitali na dripu usiweke, na ya ndani ya jeneza usiweke hata kama umeiona kwa wengine, yeye hana tena namna ya kukwambia funga mlango navaa. Picha yenu wawili ni sawa ila jiulize nani yuko katikati. Selfi ambayo uso wako umejaa na bibi ni sikio, hapana.

Babu alikuwa ananiita mchumba na tulikuwa tunataniana sana. Naweza kuweka utani kwenye kumbukumbu?

Weka, tena kwa sisi huku utani wa babu na wajukuu ni haki, na msibani watani wana nafasi yao inayojulikana, wanachekesha watu kaburi likiwa bado bichi na hakuna anayewakataza. Kumwacha babu mcheshi bila hata kicheko kimoja ni kumwandika mtu mwingine.

Kipimo changu ni kwamba utani uwe ule aliokuwa anautoa au kuupokea yeye mwenyewe, na uuandike alivyosema. "Alinidai mahari ya sigara mbili kila nikija" inatosha. Ukianza kueleza ilikuwa inachekesha kiasi gani inakufa. Na angalia wasomaji wako: "mchumba" kwa mtu asiyejua mila zetu linaweza kusomeka vibaya, ongeza tu "utani wetu wa babu na mjukuu".

## Hali ngumu

Ukweli ni kwamba babu alikuwa mlevi na alimtesa bibi. Niandike nini?

Kuna vitu vitatu unaweza kufanya na cha nne ndo maigizo. Unaweza kunyamaza, hakuna sheria kwamba kila mjukuu aandike. Unaweza kuandika tanzia tupu, jina, tarehe, mazishi, dua. Au unaweza kuandika lile ambalo ni kweli na unaweza kulisimamia mbele ya bibi akiwa hai anasoma, kwa mfano "Babu yangu alikuwa fundi seremala, kitanda alichomtengenezea mama ndicho nilichozaliwa. Hakuwa mtu rahisi kuishi naye na waliokaa naye wanajua. Mungu amhukumu kwa rehema zake." Sentensi "hakuwa mtu rahisi" inabeba ya kutosha, waliokuwepo wanaielewa na wageni hawahitaji zaidi.

Cha nne ni kumwandika malaika. Bibi ataisoma, au atasomewa. Ukiwa na hamu ya kusema yote, ya chupa na ya ngumi, hilo nalo ni halali ila muulize bibi kwanza, yale maumivu ni yake kuyatoa kabla hayajawa yako.

Nipo Maskati, sikuwahi kumzika. Najisikia nikiandika naonekana najifanya.

Andika kutoka ulipo. Wengi walio mbali wanaandika kama walikuwepo, "tumemsindikiza bibi yetu", na hapo ndipo inapoanza kusikika ya kujifanya, kwa sababu ndugu waliobeba jeneza wanajua hukuwepo. Sema ulivyojua: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, nani alikupigia. Kaka mmoja aliandika "Nilikuwa kazini, nilimsikiliza shekhe kwenye simu ya binamu mpaka bando likaisha", na mashangazi waliokuwa wamemkasirikia kwa kutokuja walimpigia jioni hiyo. Usiombe msamaha kwa aya nzima, sentensi moja inatosha, ukizidisha watu wanaacha kumwombea bibi wanaanza kukubembeleza wewe.

Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, niweke dua ipi?

Ya dini ya marehemu. Yako unaweza kuiomba chumbani.

Nimeshaweka ile ya maigizo na watu wamekomenti. Nifute?

Kama kuna picha isiyofaa au jambo la aibu la familia, futa leo hii. Kama ni maneno tu yamezidi, usiifute, chini yake kuna pole za watu na wengine waliandika hapo kwa mara ya mwisho kumtaja marehemu. Facebook na Instagram zinakuruhusu kuiediti posti na komenti zikabaki, ila Facebook inahifadhi historia ya mabadiliko na mtu anaweza kuiona. WhatsApp ujumbe unaediti ndani ya dakika 15 tu, na stetasi inajiondokea baada ya saa 24 kwahiyo hiyo iache.

Mimi mara nyingi nashauri ile ya kwanza ibaki kama ilivyo, ndivyo ulivyokuwa usiku ule, halafu ya arobaini uiandike kwa utulivu.

Shangazi anasema niliyoandika upya ni kavu, haionyeshi kwamba tumeumia.

Msomee kwa sauti, usimpe simu asome. Watu wazima wengi wamezoea wasifu wa kusomwa mbele ya jeneza, na kwenye sauti ile ya makovu ya machungwa inafika. Akisema bado ni kavu muulize yeye angeongeza nini, na mara nyingi hataongeza "pengo", ataongeza kitu alichokiona. Shangazi wa yule binti wa Muheza ndiye aliyesema jirani hakusemeshwa hata siku moja ule wakati wa uji, bibi alikuwa anaweka bakuli kizingitini anageuka anaondoka. Bila yeye tungeandika walipatana.